Uzi: Hataza ya kupikia mwani, thamani ya vitabuni imezidi kinachoweza kurejeshwa. Hasara tuigawe vipi?

FundiLeja_Wete

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nafunga hesabu za 31 Disemba 2025 za kampuni ndogo ya kusindika mwani huku Pemba. Inanunua kotonii kwa wakulima wa Micheweni na Wete, inaupika kwa potashi, inaukausha na kuuza karaginani ya nusu usafi.

Mwaka 2021 kampuni ilinunua hataza ya njia ya upikaji. Ombi la hataza liliwekwa 2014, kwa hiyo kisheria linakwisha 2034. Bei ilikuwa shilingi milioni 360, wakili na kuhamisha usajili milioni 18, majaribio ya kuhakikisha njia inafanya kazi kwenye mashine zetu milioni 12. Vitabuni imeingia milioni 390. Majaribio yalimalizika mwisho wa Juni 2021, amotizesheni ikaanza 1 Julai kwa mafungu sawa, miaka 10, yaani milioni 39 kwa mwaka. Mpaka sasa imeshakatwa miaka minne na nusu, milioni 175.5, imebaki 214.5.

Shida ni kotonii. Maji yamekuwa ya moto, mwani unapata ugonjwa wa kupauka na kukatika, na tani tunazopata zimeshuka mno kuliko bajeti. Mkurugenzi anaona tukate vile vile tulivyozowea, kwa sababu hataza yenyewe haijaharibika. Mwenzangu ofisini naye anasema hata milioni 9 tulizotumia kufundisha wapishi zilipaswa kuingia kwenye hataza. Nianzie wapi?

KasukuWaDarajani

Waalaykum salaam. Hapa hakuna kazi kubwa. Jumlisha fedha zote utakazopata mpaka hataza imalizike. Ikiwa jumla inazidi thamani ya vitabuni, hakuna hasara, funga kitabu. Ikiwa haizidi, ndipo uanze kutafuta bei ya soko.

Na kwa kampuni ndogo miaka 10 ndiyo mwisho, huna hiari ya kuzidisha.

BintiMkoani

Bwana Kasuku, ulichoeleza kipo, lakini ni kanuni za Marekani. Kule hatua ya kwanza ni kulinganisha thamani ya vitabuni na fedha za baadaye zisizopunguzwa kwa wakati. Sisi tunafuata IFRS, na IAS 36 haina mlango huo. Ukishaona dalili unakwenda moja kwa moja kwenye kiasi kinachoweza kurejeshwa: kile kikubwa kati ya bei ya kuuza baada ya kutoa gharama za kuuza, na thamani ya matumizi ambayo fedha zake lazima zipunguzwe. Tofauti si ndogo. Hasara nyingi zinapotea hapo hapo kwenye hatua hiyo isiyokuwepo.

Na hiyo miaka 10 umeitoa kwenye kanuni za kampuni ndogo na za kati, lakini kule ni kikomo pale tu unaposhindwa kukadiria muda wa matumizi kwa uhakika. Ukiweza kukadiria, unatumia makadirio yako.

Sasa Fundi, kwanza nikuulize kitu ambacho wengi wanakiruka. Hiyo hataza imesajiliwa wapi? Hataza si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Mali za Viwandani ya 2008, na msajili wake ni BPRA. Cheti cha BRELA cha Bara peke yake hakimzuii mtu wa Unguja au Chake kupika kwa njia hiyo hiyo. Ikiwa ndiyo hali yenu, basi ulinzi mliolipia haupo pale mnapofanyia kazi, na hilo ni jambo la kuangaliwa kabla ya mwani wenyewe.

Pili, ada za kila mwaka za kuiweka hataza hai zimelipwa? Hizo ni gharama za mwaka husika, haziongezwi kwenye thamani. Lakini zikiachwa, hataza inakufa, na mtakuwa mnaikata mali ambayo haipo tena.

Milioni 9 za mafunzo mlizipeleka mahali pake, kwenye gharama. Mpishi akishajifunza anaweza kuhama kesho na ujuzi wake, kampuni haimiliki alichojifunza. Majaribio ya njia ni kitu chengine, hayo yanaingia kwa sababu bila yao mali haiwi tayari kutumika.

FundiLeja_Wete

Shukran Bi Binti. Usajili uko BPRA pia, umehamishwa kwa jina la kampuni, na ada zimelipwa mpaka 2025. Stakabadhi nimeziona.

MwaniNaSabuni

Naomba kuingia hapa na mimi. Sisi tunatengeneza sabuni za mwani, njia ya kuchanganya tumeibuni wenyewe, hatujanunua kwa mtu. Nikikadiria nimetumia kama milioni 25 kwa miaka. Na mimi niiweke vitabuni nianze kuikata kama hivi?

BintiMkoani

Hapana, yako ni mlango mwengine. Fedha za kutafiti, kujaribu mchanganyiko huu na ule kabla hujajua kama utafaa, ni gharama za mwaka ule ule. Sehemu ya mwisho, baada ya kuthibitisha kuwa inawezekana, kuna soko na unao uwezo wa kuimaliza, hiyo inaweza kuwekwa vitabuni, lakini kwa sharti kuwa ulikuwa unazitenga gharama zake wakati ule. Kukadiria leo kwa miaka iliyopita hakukubaliki. Fungua uzi wako tuzungumze, hapa tumalize ya Fundi.

Fundi, kuhusu mkurugenzi. Ni kweli hataza haijaharibika, lakini swali si hilo. Kwa mali yenye muda wa matumizi unaojulikana hatulazimiki kupima kila mwaka. Tunalazimika kila mwisho wa mwaka kuangalia kama kuna dalili, na dalili moja ikiwepo tunapima. Wewe unazo mbili wazi: mazingira yamebadilika kwa ubaya, na uzalishaji umekuwa chini ya bajeti. Hiyo ya pili ndiyo mkaguzi ataishika, kwa sababu bajeti ni karatasi yenu wenyewe.

Kitu kimoja cha utaratibu: kata amotizesheni yote ya 2025 kwanza, ndipo upime. Ukipima kwa thamani ya Novemba halafu ukakata Disemba, hasara na amotizesheni zitaingiliana.

Kiungani_Hesabu

Mimi ningeshauri njia nyepesi kuliko hiyo. Badilisha namna ya kukata. Badala ya mafungu sawa, kata kwa kufuata mauzo. Mwaka mauzo yakiwa kidogo unakata kidogo. Tatizo linakwisha bila hasara kubwa kwenye kitabu.

Mpima_Thamani

Halikwishi ndugu yangu, linafichwa. IAS 38 inachukulia kuwa kukata kwa kufuata mapato hakufai, mpaka uthibitishe vyenginevyo. Mapato yanabeba bei, mbinu za kuuza na wingi wa wateja, vitu ambavyo havisemi hataza imetumika kiasi gani. Milango iliyoachwa ni miwili tu: mkataba wenyewe uwe umewekewa kikomo cha mapato, kwa mfano haki inakwisha mauzo yakifika kiasi fulani, au uonyeshe kuwa mapato na matumizi ya mali yanakwenda pamoja sana. Hapa hakuna hata mmoja.

Kukata kwa tani kunakubalika kama makadirio ya jumla ya tani yanaaminika. Lakini tazama kitakachotokea hapa. Tani zimeshuka, kwa hiyo makato ya kila mwaka yatapungua, na thamani ya vitabuni itabaki juu wakati ambapo mali inazalisha kidogo. Yaani unaikaribisha hasara kubwa zaidi baadaye. Kubadilisha njia mwaka ule ule wa dalili kutamfanya mkaguzi aulize maswali mengi, na ana haki.

Ila kuna neno moja la Kiungani linalofaa kushikwa: muda wa matumizi uangaliwe upya. Fundi, bado mnaamini mtaitumia mpaka Juni 2031?

FundiLeja_Wete

Naam. Mnunuzi wetu ana mkataba wa kuchukua mzigo mpaka wakati huo, na mashine zitafika. Kwa hiyo miaka mitano na nusu iliyobaki haijabadilika.

Sasa kwenye kupima nimekwama pale pa kwanza. Hataza peke yake haiingizi hata senti. Fedha zinakuja kwa karaginani, na karaginani inatoka kwenye mashine, ndani ya jengo.

BintiMkoani

Hapo umeona mwenyewe. Mali isiyoweza kuingiza fedha zake peke yake hupimwa pamoja na zile inazofanya nazo kazi, kikundi kidogo kabisa ambacho mapato yake yanajitegemea. Kwenu ni mstari mzima wa kupika na kukausha. Usilete deni la benki humo, wala fedha za wadai na wadaiwa, isipokuwa kama umeziweka pande zote mbili. Makosa mengi ninayoyaona kwenye majalada ni hayo: upande wa thamani ya vitabuni umetolewa mkopo, upande wa fedha zinazokuja mkopo haukutolewa.

Weka hapa thamani za kikundi na makisio ya fedha.

FundiLeja_Wete

Thamani za vitabuni 31 Disemba 2025, baada ya makato ya mwaka, zote kwa mamilioni: hataza 214.5, mashine za kupikia na kukaushia 240, jengo 145.5. Jumla 600.

Fedha halisi zinazobaki kila mwaka kabla ya kodi, na bila riba ya mkopo: 2026 ni 95, 2027 ni 110, 2028 na 2029 ni 120 kila mmoja, 2030 ni 115. Nusu ya 2031 ni 50, na hapo jengo na mashine zitauzwa kwa 140, kwa hiyo 190. Jumla 750. Ndiyo maana mkurugenzi alimpenda Bwana Kasuku, 750 inazidi 600.

Bei za kuuza leo tunazo pia. Jengo lingebakiza 150 baada ya dalali na gharama, mashine 200. Kuna kampuni ya Bara ilitaka kuichukua hataza kwa 60, barua ipo.

KasukuWaDarajani

Nimekubali ile ni kanuni ya kwengine. Lakini basi tumieni riba ya benki mnayolipa, mmalize. Kama mkopo wenu ni asilimia 14, ndiyo hiyo.

Mpima_Thamani

Riba ya mkopo ni pa kuanzia tu. Benki imekopesha ikiwa na dhamana ya jengo, haibebi hatari anayobeba mwenye kiwanda. Kinachotakiwa ni kiwango kabla ya kodi ambacho mwekezaji angekidai kwa mali yenye hatari kama hii, bila kujali kampuni imekopa au haikukopa. Na kama makisio yameongezwa mfumuko wa bei, kiwango nacho kiwe chenye mfumuko ndani yake. Fundi, fedha zako zina mfumuko?

FundiLeja_Wete

Zinao. Bei ya kuuzia na mishahara zimeongezwa kila mwaka.

Mpima_Thamani

Tufanye kwa asilimia 16 kwanza. Ukigawanya kila mwaka inavyostahiki unapata, kwa kukaribisha kwenye milioni: 82, 82, 77, 66, 55, na ya mwisho 84. Jumla 446.

Hapo kwenye ya mwisho angalia jedwali lako. Ukiandika NPV kwa safu nzima, programu itadhani ile nusu ya 2031 ni mwaka kamili wa sita, na 190 itakuwa 78 badala ya 84. Milioni sita zinapotea bila ya mtu kuziona. Andika hivi, B2 mpaka B6 zikiwa miaka mitano na B7 ikiwa 190:

```
=NPV(16%,B2:B6)+B7/(1+16%)^5.5
```

Kuhusu urefu wa makisio: kanuni inataka bajeti isizidi miaka mitano bila ya sababu, na baada ya hapo uendeleze kwa mwendo wa kawaida au wa kushuka. Nusu yako ya 2031 umeiweka 50 wakati nusu ya 2030 ni 57.5, kwa hiyo inashuka. Hiyo inapita.

BintiMkoani

Sasa linganisha na bei ya kuuza. Jengo 150, mashine 200, hataza 60, jumla 410. Thamani ya matumizi 446 ni kubwa zaidi, kwa hiyo hiyo ndiyo inayoshika. Vitabuni 600, hasara 154.

Na hapa kwenye kugawa ndipo panapoharibika. Wengi watachukua 154 na kuigawa kwa mali zote tatu kwa uwiano wa thamani, wamemaliza. Ingekuwa kuna gudwili ingeliwa kwanza, kwenu haipo. Halafu ndiyo, ni kwa uwiano, lakini hakuna mali inayoruhusiwa kushushwa chini ya bei yake ya kuuza baada ya gharama, ikiwa bei hiyo inajulikana.

Jengo lina 145.5 vitabuni na linauzika kwa 150. Halipokei hasara hata shilingi. Zimebaki hataza na mashine, jumla 454.5. Kwa uwiano hataza ingechukua kama 72.7 na mashine 81.3. Lakini mashine zikichukua 81.3 zitafika 158.7, na zinauzika kwa 200. Basi zinachukua 40 tu na kusimama hapo. Kilichobaki, 114, kinakwenda chote kwenye hataza.

Hataza: 214.5 kutoa 114 ni 100.5. Iko juu ya 60 ya ile barua, kwa hiyo mgawanyo umekaa sawa. Mashine 200, jengo 145.5, hataza 100.5. Ukijumlisha unapata 446, na hiyo ndiyo njia yako ya kujihakiki.

Kwenye leja ni hivi:

```
Dr  Hasara ya kushuka thamani (faida na hasara)   154.0
    Cr  Limbikizo la makato na hasara, hataza     114.0
    Cr  Limbikizo la makato na hasara, mashine     40.0
```

Usiipeleke kwenye akiba ya tathmini. Mali hizi hazijawahi kupandishwa thamani, kwa hiyo hasara yote inapita kwenye faida na hasara. Kwa hataza hata usifikirie kuitathmini upya siku za mbele. Ingehitaji soko hai la mali zinazofanana, na hataza moja haifanani na nyengine.

Kuanzia 1 Januari 2026 makato ya hataza ni 100.5 kwa miaka mitano na nusu, kama milioni 18.27 kwa mwaka. Mashine nazo ziwekewe makato mapya juu ya 200.

FundiLeja_Wete

Allah akulipe kheri. Nilikuwa nimeshagawa kwa tatu zote kwenye rasimu.

Kuna moja mkurugenzi ameniuliza leo. Kampuni inataka kuwanunulia wakulima nyavu za bomba ili wapande kotonii kwenye maji ya kina, ambako hakuna joto kali kama pale pwani. Kwa hesabu yake fedha za 2027 zingefika 160. Anasema tuziweke, hasara itapungua sana.

Mpima_Thamani

Hazingii. Thamani ya matumizi inapimwa kwa mali katika hali yake ya leo. Matumizi ambayo bado hayajafanywa ya kuongeza uwezo wa mali yanaachwa nje, na faida yake inaachwa nje pia. Nyavu zikishanunuliwa na fedha zikishaanza kutoka, hapo utazungumza.

BintiMkoani

Mimi naona inategemea. Nyavu si mashine ya kampuni. Ikiwa wakulima wenyewe, kwa fedha zao au za mradi mwengine, wameshaanza kupanda kwenye kina, basi wingi wa mwani unaotarajiwa ni kisio la upatikanaji wa mali ghafi kama kisio jengine lolote. Hapo linaweza kuingia likiwa na ushahidi: kamba ngapi ziko majini, zimevuna mara ngapi, mwani umestahamili miezi ya joto au haukustahamili.

Mpima_Thamani

Kama wakulima wanafanya wenyewe, sawa, nakubaliana. Lakini Fundi amesema kampuni ndiyo itakayonunua. Fedha zitakazotoka mfukoni mwa kampuni ili kikundi kizalishe kuliko leo, hayo ni maongezo, hata nyavu zikiwa mikononi mwa mkulima.

BintiMkoani

Na kama kampuni inazitoa kwa mkopo, mkulima anakatwa kwenye bei ya mwani? Hapo ni malipo ya awali ya mali ghafi, si maongezo ya mstari wa kupikia. Sikubali kuwa jawabu ni moja kwa mikataba yote. Fundi, soma mkataba wenyewe, nyavu ni za nani baada ya msimu. Mpaka hapo ziache nje, na katika maelezo ya hesabu sema wazi kuwa hazikuingizwa.

Kiungani_Hesabu

Na spinosumu je? Inastahamili joto kuliko kotonii na Unguja wanalima hiyo zaidi. Si wangepika hiyo kwenye mstari ule ule?

FundiLeja_Wete

Mashine zingeweza. Lakini hataza ni ya kutoa geli ngumu ya kapa, na kapa iko kwenye kotonii. Spinosumu inatoa aota, geli laini, na madai yaliyoandikwa kwenye hataza hayaigusi. Mnunuzi wetu pia haitaki.

Mpima_Thamani

Basi hilo liandike kwenye jalada, maana linaeleza kwa nini hasara imeelemea hataza. Mashine zina kazi nyengine na soko la pili, hataza imefungwa na mwani mmoja.

Sasa narudi kwenye kiwango, kwa sababu 16 ilikuwa ya kuanzia tu. Mimi kwa biashara inayotegemea zao linalokufa kwa joto ningekwenda 19. Ukifanya kwa 19 thamani ya matumizi inashuka mpaka karibu 410, yaani imekutana na bei ya kuuza. Hasara inakuwa 190, mashine bado zinachukua 40, na hataza inabeba 150, inabaki 64.5. Alama tatu za asilimia zimeondoa zaidi ya theluthi ya kilichokuwa kimebaki kwenye hataza.

BintiMkoani

Hapo nakupinga. Fundi ameshashusha tani kwenye makisio yake kwa sababu ya joto, ndiyo maana 2026 ni 95. Hatari ikishakuwa ndani ya fedha, usiiweke tena ndani ya kiwango. Unaihesabu mara mbili.

Mpima_Thamani

Ameshusha tani anazotarajia, kweli. Hajashusha kwa kutokuwa na uhakika wa hizo tani. Msimu unaweza kuwa mbaya kuliko huo. Wastani ni kitu kimoja, na kuyumba kwenye wastani ni kitu chengine, mwekezaji anadai malipo kwa kuyumba.

BintiMkoani

Basi afanye kwa njia ya uwezekano: msimu mzuri, wa kawaida, mbaya, kila mmoja na uzito wake, halafu apunguze kwa kiwango kisichobeba hatari ileile tena. Itakuwa rahisi kumwonyesha mkaguzi kuliko kubishana 16 au 19.

FundiLeja_Wete

Nitafanya hiyo ya misimu mitatu na nitaweka viwango vyote viwili kwenye jalada. Upande wa kodi, TRA wataikubali hii 154?

Kiungani_Hesabu

Hapa nina uhakika. Kodi ya mapato ni ya Muungano, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inatumika mpaka Pemba. Hasara ya kushuka thamani hairuhusiwi, unairudisha kwenye faida ya kodi. Hataza inaendelea na makato yake ya kodi ya mali zisizoshikika, mafungu sawa kwa muda wa matumizi, kama vile hakuna kilichotokea. Kwa hiyo vitabu na kodi vinaachana, na 30 kwa mia ya tofauti mpya ya 154 ni milioni 46.2 za kodi iliyoahirishwa.

BintiMkoani

Sahihi, ila uiweke kama mali pale tu faida za baadaye zinapoonekana zitatosha kuitumia, na baada ya kuilinganisha na kodi iliyoahirishwa mliyokuwa nayo upande wa deni. Kampuni ambayo imetoka kusema biashara imeshuka ikadai mali ya kodi yote bila ushahidi, itajipinga yenyewe.

KasukuWaDarajani

Na mwani ukirudi vizuri 2027? Tunairudisha ile 114 yote kwenye hataza?

BintiMkoani

Swali zuri, na jibu ni hapana. Inarudishwa mpaka pale thamani ingekuwepo kama hasara isingetokea kamwe. Mwisho wa 2027 hataza kwa makato ya zamani ingekuwa imekatwa miaka sita na nusu, 253.5, imebaki 136.5. Kwa makato mapya itakuwa 100.5 kutoa miaka miwili ya 18.27, imebaki kama 63.95. Kwa hiyo hata kotonii ikijaa bahari nzima, mwisho wa kurudisha ni kama 72.5. Sehemu nyengine ya 114 imeshakwenda kwa njia ya makato madogo ya miaka hiyo miwili.

Na kuwe na sababu ya kweli. Thamani ya matumizi huwa inapanda yenyewe kwa kuwa fedha zimekaribia, mwaka uliokuwa wa tatu sasa ni wa kwanza. Kupanda huko peke yake hakurudishi kitu. Lazima makisio yenyewe yawe yamebadilika: tani, bei, au kiwango.

Mpima_Thamani

Fundi, kwenye maelezo ya hesabu usiache kutaja tukio lililosababisha, kikundi ni kipi, kiasi kinachoweza kurejeshwa ni thamani ya matumizi na si bei ya kuuza, na kiwango ulichotumia. Ukichagua 16, nitakutaka uonyeshe ulivyoijenga kuanzia dhamana za serikali kwenda juu. Hapo bado sijaridhika.

FundiLeja_Wete

Nimekuelewa. Mkataba wa nyavu nimeuomba kwa wakili, nikiupata nitaleta kifungu cha umiliki hapa tuendelee nacho.